Printa Isiyoiona Waifai ya Ruta Mpya

Ruta mpya ikishafungwa, simu zinaingia kwenye waifai, kompyuta inaingia, televisheni inaingia. Printa peke yake inabaki nje. Taa yake inamemetameta, kioo chake kidogo kinasema hakuna mtandao, na mwenye nayo anaanza kuizima na kuiwasha. Baadaye anafuta mipangilio yote, na mwisho anaulizia bei ya nyingine dukani. Inasikitisha, kwa sababu mara nyingi printa hiyo ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba ruta inatangaza mtandao kwenye masafa ambayo redio iliyo ndani ya printa haiwezi kuyapokea.

Waifai ni redio tu. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi kwenye bendi mbili, moja ya gigahezi 2.4 na nyingine ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 ndiyo iliyoenea kwanza majumbani, tangu kiwango kiitwacho 802.11b kilipotoka mwaka 1999. Ni bendi iliyojaa: waifai za majirani, bluetooth na hata oveni za maikrowevu zote zimo humo. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo ina kasi kubwa, ila mawimbi yake hudhoofika haraka yakikutana na kuta za tofali na zege. Simu na kompyuta nyingi za sasa zina uwezo wa kupokea bendi zote mbili. Printa nyingi za bei nafuu zimewekewa redio ya 2.4 peke yake.

Watengenezaji wana sababu. Redio ya bendi moja ni rahisi kuitengeneza, na printa haihitaji kasi. Printa ya 2.4 yenye kiwango cha 802.11n na antena moja inaweza kufikia megabiti 72 kwa sekunde kwenye makadirio ya kiwandani, na hata ikipata robo tu ya hizo, ukurasa wa mtihani au wa wasifu wa kazi unafika kabla rola haijavuta karatasi. Kinachochelewesha uchapaji ni wino na karatasi. Kwa hiyo ukisikia kwamba bendi hii ni ya polepole, usidhani printa yako inapunjwa. Jambo la kukubali mapema ni kwamba hakuna apdeti itakayoiongezea printa bendi ya pili. Redio ni kifaa, na kama hakikuwekwa kiwandani, hakipo. Marekebisho yanafanywa upande wa ruta.

Chukua duka la steshenari la Buguruni, Dar es Salaam, linaloishi kwa kuchapa vyeti, mitihani na fomu. Ruta yao ya zamani ilikuwa ya bendi moja, jina la mtandao wao DUKA, na printa ilikaa humo bila tabu. Akaja kijana wa kufunga intaneti mpya, akaweka ruta ya kisasa, akazima 2.4 ili mtandao uwe na kasi, akaupa jina DUKA_5G. Siku hiyohiyo printa ikakata. Fundi aliyeitwa hakuigusa printa kwanza.

“Mama, ukifungua orodha ya mitandao kwenye kioo cha printa, DUKA_5G unaiona?”

“Siioni. Naona za majirani tu.”

“Basi printa haina neno, mama. Ngoja niitazame ruta.”

Swali hilo moja linaokoa muda mwingi. Printa ikiziona waifai za majirani lakini ya kwako haipo kabisa kwenye orodha, ujue redio yake ni nzima na tatizo ni bendi, au chaneli, ambayo nitaieleza. Ikiwa jina lako linaonekana lakini printa inakataliwa baada ya kuandika nywila, bendi si tatizo. Hapo chunguza nywila yenyewe au aina ya ulinzi.

Ukitaka uhakika, tumia kompyuta ya Windows yenye waifai. Fungua Command Prompt uandike:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Itaorodhesha kila mtandao ulio karibu pamoja na chaneli zake. Pale dukani, sehemu iliyohusika ilionyesha hivi:

```
SSID 1 : DUKA_5G
   Radio type : 802.11ac
   Channel    : 44
```

Soma mstari wa Channel. Kwenye ruta za kawaida za bendi hizi mbili, namba kuanzia 1 hadi 13 ni za gigahezi 2.4, na namba kuanzia 36 kwenda juu ni za gigahezi 5. Ruta inayorusha bendi zote mbili kwa jina moja huonyesha chaneli mbili chini ya jina hilo, kwa mfano 6 na 44. Pale palikuwa na 44 tu. Printa ile isingeweza kuiona hata ikilazwa juu ya ruta.

Fundi akafungua kivinjari, akaandika 192.168.1.1, akaingia kwa jina na nywila za msimamizi zilizobandikwa chini ya ruta. Ruta nyingine hutumia 192.168.0.1, na stika hiyohiyo husema. Kwenye ukurasa wa Wireless akaikuta 2.4 GHz imezimwa, akaiwasha. Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila anayebadilisha ruta alijue: bendi hiyo ya 2.4 akaipa jina lilelile la zamani, DUKA, na nywila ileile ya zamani, herufi kwa herufi. Printa bado ilikuwa na kumbukumbu ya mtandao huo. Ilipowashwa ikaingia yenyewe, bila mtu kubonyeza kitufe. Kamera ya ulinzi ya pale dukani, nayo ya bendi moja, ikarudi vilevile.

Mama mwenye duka alikuwa na wasiwasi kwamba sasa itabidi simu na kompyuta nazo zihamie kwenye bendi ya polepole ili zionane na printa. Wengi wanaamini hivyo, na wapo wanaohamisha kila kifaa bila sababu. Ruta ya bendi mbili ni kama nyumba moja yenye milango miwili: uingie kwa mbele au kwa uani, mnakutana sebuleni. Kompyuta inaendelea kukaa DUKA_5G, printa inakaa DUKA, na ruta ndiyo inayopitisha kazi kati yao. Mahali pa kuwa mwangalifu ni ule mtandao wa wageni, Guest Network. Huo kwa kawaida umetengwa makusudi, na printa ukiiweka humo itaonyesha kwamba imeunganishwa vizuri, lakini kompyuta zilizo kwenye mtandao mkuu hazitaiona. Mpangilio unaoitwa AP Isolation huleta shida ileile.

Si kila mara 2.4 inakuwa imezimwa. Ruta nyingi huunganisha bendi zote mbili chini ya jina moja, na mpangilio huo huitwa Smart Connect au Band Steering. Ruta inajaribu kuvisukuma vifaa kwenye gigahezi 5, na njia mojawapo ni kutokijibu kwanza kifaa kinachobisha kwenye 2.4, ikitarajia kijaribu upande wa pili. Printa haina upande wa pili. Nyingi hubisha tena hadi zikapokelewa, lakini zipo zinazokata tamaa mapema, leo zinaingia, kesho zinagoma. Ukiona printa yenye tabia hiyo, zima Smart Connect na uzipe bendi majina mawili. Ukipenda kuurudisha mpangilio huo baada ya printa kuingia, jaribu. Ikianguka tena, uache ukiwa umezimwa.

Programu ya simu inayotumika kuunganisha printa nayo huchanganya watu. Simu yako ikiwa kwenye DUKA_5G, baadhi ya programu huichukulia waifai hiyo na kuikabidhi printa jina lake na nywila yake. Printa inautafuta mtandao isioweza kuuona, na ujumbe unaokuja ni kwamba imeshindikana. Ihamishe simu kwenye DUKA kwanza, uunganishe printa, kisha irudishe simu ulikokuwa nayo. Na hiyo 5G kwenye jina la waifai inamaanisha gigahezi 5 tu, haihusiani na mtandao wa simu wa 5G. Laini yako inaweza kuwa ya 4G na ruta ikatangaza 5G bila kusema uongo.

Kuhusu chaneli: vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hutumia 1 hadi 11 tu kwenye bendi ya 2.4. Ruta iliyoachiwa ijichagulie yenyewe inaweza kuhamia chaneli ya 12 au 13, na printa ya mtumba kutoka huko ikaipoteza ghafla, ingawa juzi ilikuwa inachapa. Weka chaneli 1, 6 au 11 kwa mkono. Upande wa ulinzi, ukikuta WPA3 peke yake, printa ya zamani haitaweza kuingia. Chagua WPA2-PSK yenye AES, na kama ruta inaruhusu, iweke kwa bendi ya 2.4 tu, ili ile ya 5 ibaki na WPA3.

Wasio na ruta, wanaochapa kupitia intaneti ya simu, wanakutana na kikwazo hichohicho. Kwenye simu za Android, ndani ya mipangilio ya hotspot, tafuta sehemu ya bendi uchague 2.4 GHz. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa kitufe kiitwacho Maximize Compatibility kwenye ukurasa wa Personal Hotspot. Ukiwasha, simu inashuka hadi 2.4 na printa inaiona.

Kuna mahali ambapo ruta si yako, kama ofisini au hosteli, na msimamizi hataki kuiwasha 2.4. Usipigane naye. Waya wa yuesibi unamaliza kazi kwa kompyuta moja. Printa yenye tundu la waya wa mtandao ichomeke moja kwa moja kwenye ruta, maana kwenye waya suala la bendi halipo. Zaidi ya hapo, printa nyingi zina Wi-Fi Direct, yaani hurusha mtandao wao wenyewe wenye jina linaloanza na DIRECT-. Simu inajiunga nao na kuchapa bila ruta. Kasoro yake ni kwamba kompyuta ikijiunga huko kwa waifai yake moja, inatoka kwenye intaneti hadi utakapoirudisha, jambo linalochosha duka linalopokea kazi kwa barua pepe siku nzima.

Anayenunua printa sasa ageuze boksi asome mstari wa waifai. Ukisema 802.11 b/g/n bila kutaja bendi nyingine, hesabu kwamba ni ya gigahezi 2.4 tu. Herufi a ikiwemo, mfano a/b/g/n, au ac, redio yake inafika gigahezi 5. Herufi n peke yake haitoshi kukuhakikishia, kwa sababu kiwango hicho kinaruhusu bendi zote mbili na watengenezaji wengi huchukua moja. Kwa duka ambalo ruta ni yake mwenyewe, b/g/n inatosha, na tofauti ya bei ni afadhali iende kwenye wino.