Jasho Likishakauka, Mwili Unachoma Kiasi Gani?

Walimu wa mazoezi hupenda kuwaahidi wanafunzi wao kwamba wakijituma kwa nguvu leo, mwili utaendelea kuchoma mafuta hadi kesho, hata wakiwa wamelala. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko inavyotangazwa.

Mtu aliyetoka kukimbia kwa kasi akiketi, bado anahema na moyo unadunda. Mwili una kazi ya kumalizia: kurudisha akiba ya nishati ya haraka iliyotumika kwenye misuli, kujaza tena oksijeni katika damu na misuli, kushughulikia lakteti, na kuendesha moyo na mapafu ambavyo havijatulia. Joto la mwili nalo liko juu, na mwili wenye joto hutumia oksijeni zaidi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha ndani ya saa moja hivi. Inayobaki hupungua polepole kwa saa kadhaa.

Lakini ni kiasi gani hasa? Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanariadha wanane wa mbio za kati. Siku moja walikimbia dakika 30 mfululizo kwa mwendo wa wastani. Siku nyingine walikimbia dakika moja moja, mara 20, kwa kasi inayopita uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni, wakipumzika katikati. Kisha walipimwa kwa saa tisa. Baada ya mbio za wastani, oksijeni ya ziada ilikuwa takriban lita 7. Baada ya zile kali, lita 15.

Lita moja ya oksijeni ni sawa na kalori 5 hivi. Kwa hiyo mbio za wastani ziliacha kalori 35 za ziada, na zile za kukata pumzi 75. Hizo 75 hazifiki hata vijiko vitano vya chai vya sukari, na wapo wanaotia vinne kwenye kikombe kimoja.

Tuseme mtu anafanya mazoezi makali kama yale mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, bila kukosa. Kalori za baada ya mazoezi zitafika kama 11,700. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban 7,700, hivyo ni kilo moja na nusu kwa mwaka, tena kama hakuongeza tonge hata moja kwa sababu ya njaa. Na hao walikuwa wakimbiaji waliozoea. Anayeanza leo hatazimaliza hizo mara 20.

Katika utafiti huo, hata kwenye mbio kali, sehemu ya baadaye ilikuwa chini ya asilimia 14 ya gharama yote ya zoezi. Nyingine yote ililipwa wakati miguu bado inakimbia. Kwa anayetaka kupungua, kutembea kwa dakika 20 zaidi kunaweza kumpa kalori nyingi kuliko zile anazozisubiri kitandani.