Milioni 20 Zilivyogeuka 10

Tuseme duka la vitenge jijini Dar es Salaam limeungua upande mmoja mwezi wa Desemba. Kwa bei aliyonunulia mzigo, mwenye duka amepoteza shilingi milioni 20, na bima anayo. Baada ya muda kampuni ya bima inamletea hati ya kusaini: atalipwa milioni 10, "baada ya makato yanayohusika". Makato gani? Hati haisemi.

Hati hiyo, ambayo wengi huiita dischaji vaucha, kwa kawaida husema kwamba malipo ni ya mwisho na mteja hana dai jingine. Akishaisaini, kulirudisha dai mezani ni kazi ngumu. Ndiyo maana barua pepe ya kuomba mchanganuo hutangulia saini, hata kama mwenye nyumba anadai kodi.

Kato linaloumiza kuliko yote mara nyingi ni la uwiano. Mwenye duka alikata bima mwezi wa Machi, mzigo ukiwa mdogo, akaandika milioni 30. Moto umempata msimu wa sikukuu, rafu zimejaa. Kampuni inasema siku hiyo dukani mlikuwa na mali ya milioni 50, kwa hiyo bima ilifunika asilimia 60 tu. Hasara yoyote, hata ndogo, italipwa kwa asilimia hiyo hiyo. Mteja hushangaa, kwa kuwa alidhani milioni 30 ni dari tu, na hasara yake haijaifikia. Lakini sharti hilo huwamo kwenye bima nyingi za moto, na kampuni haijakosea kulitumia.

Palipo na shaka ni jinsi milioni 50 ilivyopatikana, na hilo halionekani mpaka hesabu ianikwe. Milioni 20 mara asilimia 60 ni milioni 12. Inatolewa eksesi, yaani sehemu anayoibeba mteja mwenyewe, ambayo kwenye bima hii ni asilimia 10 ya dai: inabaki milioni 10 na laki 8. Mwisho inatolewa thamani ya mabaki, vitenge vilivyolowa maji lakini vinauzika, laki 8. Ndiyo milioni 10.

Sasa tazama. Hasara imepimwa kwa bei ya kununulia, lakini mkadiriaji alipothaminisha mzigo wote alitumia bei zilizobandikwa dukani, yaani bei za kuuzia. Kwa bei ya kununulia mzigo ulikuwa wa milioni 40, na uwiano unapanda hadi asilimia 75. Pili, mabaki yamekatwa mwishoni. Vitenge vilivyookoka vilipunguza hasara yenyewe, hivyo vilipaswa kutolewa mwanzo kabisa. Vinginevyo mteja anakatwa thamani yote ya mabaki wakati hasara yake imelipwa sehemu tu. Hesabu ikirudiwa, hasara ni milioni 19.2, asilimia 75 yake ni milioni 14.4, ukitoa eksesi, zinabaki shilingi 12,960,000. Tofauti inakaribia milioni 3.

Barua yenyewe haihitaji ukali wala vitisho vya mahakamani. Kichwa kibebe namba ya bima na namba ya dai, kisha maneno yawe machache:

"Nimepokea hati ya malipo ya shilingi 10,000,000 dhidi ya dai la shilingi 20,000,000. Kabla ya kuisaini, naomba mchanganuo wa kila kato kwa mpangilio mliofuata, kiasi chake, na kifungu cha hati ya bima kinachoruhusu. Naomba pia nakala ya ripoti ya mkadiriaji, ikionyesha thamani ya mali siku ya moto ilipatikanaje na kwa bei ipi, na mabaki yalithaminishwaje. Barua hii si kukubali wala kukataa malipo."

Sentensi ya mwisho isiachwe, na wakala wa bima awekewe nakala. Majibu ya simu yafuatwe siku hiyo hiyo na barua pepe fupi inayorudia kilichosemwa. Wakati wa kusubiri, mwenye duka akusanye ankara za manunuzi na daftari la mauzo, kwa maana bila hizo milioni 40 yake ni neno tu. Kato la eksesi litasimama, kwa kuwa imeandikwa.

Kampuni ikikaa kimya au ikishikilia hesabu isiyoeleweka, mteja wa Tanzania anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009. Huko ataulizwa kwanza kama alilalamika kwa kampuni yenyewe, na barua pepe yenye tarehe ndiyo ushahidi wake.