Kwa Nini Tope la Lambo Halitui Mpaka Lipate Shabu

Maji ya lambo yaliyochotwa baada ya mvua yakikaa ndooni usiku kucha, asubuhi utakuta mchanga umelala chini, lakini maji yenyewe bado ni mekundu. Hata yangeachwa wiki nzima, wekundu ule usingeisha wote. Watu husema maji hayo "hayachuji", na ni kweli: udongo wa mfinyanzi hupenya kitambaa pamoja na maji.

Sababu ya kwanza ni udogo. Chembe ya mchanga yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita huzama sentimita 30 kwa chini ya dakika moja. Chembe ya mfinyanzi iliyo ndogo kuliko hiyo mara mia huhitaji kama siku nne kushuka umbali huohuo, tena maji yakiwa yametulia kabisa. Zilizo ndogo zaidi hazishuki, kwa kuwa msukosuko wa maji yenyewe huzirusha huku na huku.

Sababu ya pili ndiyo inayotupa njia ya kuzinasa. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi ya umeme juu ya ngozi zake. Zote zikiwa na chaji ya aina moja, husukumana kila zinapokaribiana, hivyo haziungani wala kuwa nzito. Shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka mahali wembe ulipokata, ikiyeyuka hutoa alumini yenye chaji chanya kubwa. Chaji hiyo huzima ile ya mfinyanzi, na chembe zikigongana hushikana. Wakati huohuo alumini hushirikiana na maji kufanya utandotando mweupe unaoshuka polepole na kukomba tope njiani, kama juya linavyokokota dagaa.

Kosa la kawaida ni kulishika jiwe na kulizungusha ndooni kwa kukisia. Shabu ikizidi sana, chembe hufunikwa na chaji chanya, zikaanza kusukumana upya. Maji hurudi kuwa na ukungu, safari hii yakiwa na ladha ya ukakasi. Aliyezidisha huwa na mazoea ya kuongeza tena, na hapo ndipo hali huharibika zaidi.

Afadhali upime. Nunua shabu ya kusafishia maji, si ile iliyotiwa manukato ya kunyolea. Itwange, kisha yeyusha gramu 10, yaani karibu vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za shabu. Panga chupa nne za lita moja zenye maji ya lambo, na kwa sirinji isiyo na sindano weka mililita 2 katika ya kwanza, 4 katika ya pili, 6 katika ya tatu na 8 katika ya nne. Zitikise kwa nguvu kidogo, kisha zigeuzegeuze taratibu na uziache nusu saa.

Tuseme chupa ya kwanza imebaki na tope, ya pili ina vinyuzi vidogo vinavyoelea, nayo ya tatu na ya nne zimetakata sawasawa. Chagua ya tatu, kwa sababu hakuna faida ya kulipia shabu isiyofanya kazi. Ndoo ya lita 20 itahitaji mililita 120, ambazo ni gramu 1.2 tu za shabu. Mvua nyingine ikinyesha, jaribu upya, tope hubadilika.

Ukishamimina dawa, koroga kwa nguvu kwa dakika moja ili ienee kabla haijamalizika kufanya kazi. Kisha punguza mwendo na ukoroge polepole dakika tano hadi kumi. Kipindi hiki cha pili watu hukiruka, ilhali ndicho kinachokuza mabonge. Ukikoroga kwa fujo, unayavunja. Yaone kwanza, ndipo ufunike ndoo kwa saa moja. Mabonge yasipotokea hata kwa kipimo kikubwa, huenda maji hayana chumvichumvi za kutosha kupokea ukali wa shabu. Hilo hutokea kwenye maji laini kama ya mvua, na mitambo mikubwa hulitatua kwa kuongeza chokaa.

Maji ya juu yamimine taratibu kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa safi, uache sentimita chache za chini. Vijidudu vingi huzama pamoja na tope, ila si vyote, na shabu haiviui. Kwa hiyo maji hayo bado huchemshwa au kutiwa klorini. Utaratibu uwe huo huo: shabu kwanza, klorini baadaye, kwa kuwa klorini iliyotiwa kwenye maji ya tope humalizwa na uchafu kabla ya kuvifikia vijidudu vyote. Masimbi ya chini yamwagwe shimoni, mbali na kisima na mbali na lambo yalikotoka.