KWA NINI JIJI HALIPOI USIKU?

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu kwamba Nairobi ina joto kuliko mashamba yanayoizunguka, atadhani unazungumzia saa sita za mchana. La hasha! Tofauti kubwa huonekana usiku. Mwingereza mmoja, Luke Howard, aliligundua jambo hili zamani. Alipima hewa ya London kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha mwaka 1833 alionyesha kuwa usiku jiji hilo lilizidi mashamba kwa takriban digrii 2 za Selsiasi, ilhali mchana zilikaribiana sana. Siku hizi wataalamu huita hali hiyo "kisiwa cha joto".

Sababu yenyewe si ngumu. Lami, mawe na saruji hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha hulitoa polepole gizani. Udongo wa shambani nao hupata joto, lakini usiku hulirusha angani bila kizuizi. Katikati ya maghorofa yaliyobanana, joto linalotoka ukuta huu hugonga ukuta ule, na anga inayoonekana juu ni kama utepe tu. Hebu egemea ukuta uliopigwa na jua la jioni. Saa mbili usiku bado una vuguvugu.

Sasa tuje kwenye paa, maana hapa ndipo penye ubishi mwingi hapa shuleni. Wengine husema mabati mapya yanang'aa, kwa hivyo hurudisha jua na hayashiki joto. Ni kweli hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga. Lakini paa lina kazi mbili: kulikataa jua, na kulitoa nje lile joto kidogo lililopenya. Bati tupu ni hodari katika kazi ya kwanza na goigoi katika ya pili, kwa kuwa chuma kinachong'aa hurusha joto lake kwa shida mno. Likishaingia, limeingia! Rangi nyeupe huzifanya kazi zote mbili. Ukitaka kuhakikisha, anika vipande viwili vya bati juani, kimoja kitupu na kingine kilichopakwa rangi nyeupe, kisha uviguse saa saba mchana. Kile kitupu kiguse kwa tahadhari.

Bati lililochakaa na kuwa na kutu ni baya zaidi. Tuchukue darasa lenye paa la mita 10 kwa 8, yaani mita 80 za mraba. Jua la utosini hutua kwa karibu wati 1,000 katika kila mita ya mraba, kwa hivyo paa zima hupokea wati 80,000. Paa jeupe likirudisha asilimia 70, hubaki na wati 24,000. Lile la kutu likirudisha asilimia 20 tu, hubaki na wati 64,000. Tofauti ni wati 40,000, sawa na pasi 40 za umeme, kila moja ya wati 1,000, zikiwaka juu ya vichwa vya wanafunzi wakati wa somo la Hisabati. Basi mtu akisinzia aitwe mvivu?

Hata hivyo rangi si dawa ya mara moja. Vumbi likiifunika hurudi kunywa jua, na sharti paa lioshwe. Isitoshe, mwezi wa Julai Nairobi huwa na baridi, na darasa lenye paa jeupe litakosa hata lile joto kidogo.

Miti hufanya kazi kwa njia nyingine. Kivuli ni nusu ya habari. Mti huvuta maji kutoka ardhini na kuyatoa majanini yakiwa mvuke, na kugeuza lita moja kuwa mvuke hula joto ambalo lingetosha kuchemsha lita saba hivi za maji baridi. Joto hilo hutoka kwenye jua na hewa iliyo karibu. Ukipita kando ya msitu wa Karura ndani ya matatu, dirisha likiwa wazi, utausikia ubaridi huo usoni. Lakini ardhi ikikauka, majani hufunga vitundu vyake ili mti usife, na hapo kinachobaki ni kivuli pekee.

Maji ya wazi, kama vile bwawa, nayo hutoa mvuke, tena huchelewa kupata moto, kwa hivyo mchana upepo unaotoka huko ni mtamu. Ila yale yachelewayo kupata moto huchelewa pia kupoa. Usiku bwawa huweza kuwa na joto kuliko hewa, likazidisha lile tatizo aliloliona Howard. Na mahali kama Mombasa, ambako hewa tayari imejaa unyevu, maji hugeuka mvuke kwa uvivu. Huko kinachosaidia zaidi ni upepo wa baharini, mradi majengo marefu yasiuzibie njia.