Ombeni Cheti Kabla Ukuta Haujapigwa Plasta

Kazi ya fundi wa mabomba ni kazi ya kufichwa. Mlango ulioundwa vibaya huonekana siku ile ile, bali bomba lililoungwa vibaya hukaa kimya nyuma ya plasta na vigae mpaka mwenye nyumba amekwisha kulipa na fundi amekwisha kwenda zake.

Jirani yangu mmoja, mkulima wa majani ya chai, alijenga nyumba ya mawe yenye bafu ndani. Alimwajiri kijana aliyesema kwamba ameifanya kazi hiyo miaka kumi. Hakumwuliza cheti chochote. Mabomba yaliungwa Jumatatu, na Jumanne ukuta ukapigwa plasta. Baada ya miezi miwili rangi ilianza kubanduka karibu na sakafu, na maji ya bafu yakawa yanatoka kwa unyonge.

Safari hii alimwita fundi mwenye cheti. Fundi huyo hakugusa nyundo kwanza. Alifunga mifereji yote jioni, akaandika hesabu ya mita, akairudia asubuhi. Hesabu ilikuwa imepanda ingawa hakuna aliyetumia maji usiku. Ndipo alipoubomoa ukuta, akaona makosa mawili.

Mabomba hayo yalikuwa ya plastiki, yale yaliyoandikwa PPR, ambayo huungwa kwa chuma cha moto wa digrii 260. Bomba la milimita 20 hukaa katika chuma hicho kama sekunde 5 tu, kisha husukumwa kwa unyofu ndani ya kiungio, kiasi cha milimita 14, bila kuzungushwa. Fundi mwangalifu hutia alama ya penseli kwanza ili ajue mahali pa kukomea. Katika kiungio kimoja bomba lilikuwa limeingia nusu tu, na hapo ndipo maji yalipopenya. Katika kingine lilichomwa mno hata plastiki ikayeyuka na kuziba njia; hiyo ndiyo sababu maji ya bafu yalidhoofika.

Hapa Kenya mtihani wa kazi husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA. Mtahiniwa hujibu maswali, tena hufanya kazi kwa mikono yake mbele ya mtahini. Aliyejifunza kwa fundi mwenzake bila kupita chuoni aweza kuufanya pia. Madaraja ni matatu, na wengi huyasoma kinyume: daraja la III ndilo la chini, la I ndilo la juu. Mwenye daraja la III anafaa kwa kazi nyepesi, au chini ya uangalizi wa mkubwa wake. Nyumba nzima yataka mwenye ujuzi zaidi.

Basi mwombe fundi cheti chenyewe, si picha yake tu. Linganisha jina na kitambulisho, soma kazi iliyotajwa na daraja lake. Ukiwa na shaka, peleka namba ya cheti NITA wakuhakikishie. Cheti cha uashi au cha umeme si cha mabomba. Wajenzi wanaoajiri mafundi wengi waulize pia kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, ambayo husajili mafundi wa ujenzi, nao watazame kama muda wake haujaisha. Cheti cha mtihani chasema mtu huyu alionyesha kwamba anaweza. Kibali chasema kwamba anatambuliwa kufanya kazi hiyo kwenye majengo.

Lakini hata fundi mwenye cheti ni mwanadamu, aweza kukosea. Kwa hiyo patana naye tangu mwanzo kwamba mabomba yatapimwa kabla ya plasta. Atayajaza maji, atoe hewa yote, azibe miisho, kisha aunge pampu ya mkono yenye geji. Katika nyumba za kawaida msukumo hupandishwa mpaka bar 10. Mwanzoni sindano hushuka kidogo kwa kuwa plastiki hutanuka, hilo lisikutishe. Apandishe tena, na sindano isimame muda wa saa moja, huku mkikagua kila kiungio. Ikizidi kushuka, pana mahali panapovuja, na kurekebisha wakati ule ni kukata kipande na kuunga upya tu.

Asiyejua kazi hukwepa kipimo hiki, husema kwamba ni kupoteza wakati. Jirani yangu alilipa ujenzi mara mbili, vigae mara mbili na plasta mara mbili, kwa sababu ya saa moja ambayo haikutumiwa siku ile ya Jumatatu.