Programu Iliyogoma Baada ya Kompyuta Kupigwa Windows Mpya

Kompyuta ya duka la vifaa vya ujenzi imerudi kutoka kwa fundi ikiwa na Windows 11. Inawaka haraka kuliko zamani na intaneti inakamata vizuri. Mwenye duka anabofya mara mbili programu yake ya stoo, aliyoandikiwa mwaka 2011 na kuhama nayo kompyuta hadi kompyuta. Badala ya dirisha la mauzo anapata maneno haya:

```
The code execution cannot proceed because MSVCR100.dll was not found. Reinstalling the program may fix this problem.
```

Yaani faili la MSVCR100.dll halionekani, na huenda kusakinisha programu upya kukaondoa tatizo. Ushauri ni mzuri, ila CD ya kusakinishia ilipotea zamani. Fundi alichofanya ni kunakili folda ya `C:\Program Files\Stoo` kwenye flashi, akapiga Windows mpya, kisha akairudisha folda mahali pake. Haikukosekana hata faili moja ndani yake, na bado programu inagoma.

Fundi huyu hakuwa mzembe. Mashine ilikuwa na Windows 10 ya biti 32, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kutoka biti 32 kwenda biti 64 hakuna njia ya kupandisha toleo huku programu zikibaki zilivyo. Ni lazima Windows isakinishwe upya. Kilichomponza ni imani ambayo wengi wetu tunayo, kwamba programu inaishi ndani ya folda yake. Programu ya stoo ilikuwa na vitu vitatu nje ya folda hiyo, na vyote vitatu viliachwa nyuma. Hilo faili la DLL ni la kwanza tu.

Ukibofya programu, Windows haianzi kuitekeleza papo hapo. Kwanza hufungua faili la EXE na kusoma orodha iliyoandikwa humo tangu siku programu ilipoundwa: majina ya maktaba inazozitegemea, na kazi ambazo programu itaziomba kutoka kila maktaba. Kisha huzitafuta, ikianza na folda ya programu yenyewe, halafu folda za mfumo, na mwishoni njia zilizotajwa kwenye PATH. Ikikosa moja, safari inaishia hapo. Hakuna hata mstari mmoja wa programu uliotekelezwa. Ujumbe anaouona mwenye duka umeandikwa na Windows, programu yenyewe bado haijafumbua mdomo.

MSVCR100 ni maktaba ya msingi ya lugha ya C iliyoandamana na Visual C++ 2010, chombo alichotumia mwandishi wa programu hii. Ndani yake mna kazi za kila siku kama kufungua faili, kuomba nafasi ya kumbukumbu na kupanga herufi kwenye maandishi. Microsoft iliitenga ili programu nyingi zitumie nakala moja, na ikigundulika kasoro, irekebishwe mahali pamoja. Ile 100 ni toleo la 10.0. Jina likiwa na 90, chombo kilikuwa cha 2008. Likiwa na 110 ni cha 2012, na 120 ni cha 2013. Matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022 yote yanatumia 140. Kwa hiyo jina la faili linalokosekana linakuambia moja kwa moja ni kifurushi kipi cha kutafuta, na ndiyo sababu ujumbe ule unastahili kusomwa hadi mwisho kabla ya kubofya OK. Windows 11 haiji na MSVCR100. Kwenye mashine ya zamani ililetwa na ile CD, ikawekwa kwenye folda ya mfumo, na folda hiyo sasa imefutwa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Wanaandika jina la faili kwenye kisakuzi, wanaangukia tovuti inayotoa DLL moja moja bure, wanapakua na kuibandika ndani ya `C:\Windows\System32`. Tuache kwanza hatari ya virusi, ingawa ni kubwa. Katika Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na za biti 32 ziko kwenye SysWOW64. Majina yanapotosha, lakini ndivyo yalivyo. Programu ya biti 32 ikiulizia System32, Windows huigeuza kimyakimya na kuipeleka SysWOW64. Fundi ataapa kwamba faili liko, na programu itaendelea kusema haliko, na wote wawili watakuwa wakweli.

Akikata tamaa na kuibandika DLL hiyo kando ya EXE, ujumbe unabadilika:

```
The application was unable to start correctly (0xc000007b).
```

Namba hiyo maana yake faili limepatikana lakini umbo lake halifai, na mara nyingi ni kwa sababu maktaba ya biti 64 imepewa programu ya biti 32. Ukiiona baada ya kubandika DLL kwa mkono, iondoe uliyoibandika kabla ya kufanya kingine chochote.

Dawa yenyewe ni fupi. Kwenye tovuti ya Microsoft kuna kifurushi kinachoitwa Visual C++ 2010 Service Pack 1 Redistributable, cha megabaiti chache tu. Unachukua cha x86, yaani biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu kinachoangaliwa ni biti za programu. Ukishakisakinisha, hakikisha kwa amri hii:

```
dir C:\Windows\SysWOW64\msvcr100.dll
```

Faili likitokea, programu ya stoo itafunguka. Na kweli inafunguka, kwa sekunde moja, kisha inatoa kidirisha chake yenyewe kikisema kwamba toleo hili la Windows halikubaliki, halafu inajifunga.

Tatizo limebadilika kabisa, na dalili yake ni kwamba safari hii anayesema ni programu. Mwandishi wake wa mwaka 2011 aliweka ukaguzi mwanzoni: iulize Windows namba yake, na ukubali 5.1 ambayo ni XP, 6.0 ambayo ni Vista, au 6.1 ambayo ni Windows 7. Jibu lingine lolote, funga. Hakuwa na sababu ya kuwaza Windows 11. La kushangaza ni kwamba programu haikuambiwa 10.0, ambayo ndiyo namba halisi ya Windows 11. Tangu Windows 8.1, programu isiyo na tamko ndani yake kwamba inalijua toleo jipya hujibiwa 6.2, namba ya Windows 8. Mfumo unaficha umri wake makusudi, kwa sababu makosa ya ukaguzi wa aina hii ni ya zamani mno. Windows 95 yenyewe iliziambia programu za zamani kwamba ni 3.95, kama alivyoeleza mhandisi wa Microsoft Raymond Chen, kwa kuwa nyingi zililinganisha namba vibaya na zingekataa 4.0.

Kwa tatizo hili, na si lile la kwanza, hali ya upatanifu ndiyo dawa. Bofya EXE kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, ingia Compatibility, weka alama kwenye "Run this program in compatibility mode for", kisha chagua Windows 7. Kinachofanyika nyuma ya pazia si kuirudisha Windows 7. Programu inapopakiwa, Windows hubadilisha anwani ndani ya ile orodha ya kazi zinazoombwa, ili ombi la kuuliza toleo lisifike moja kwa moja kwenye mfumo bali lipite kwenye kipande kidogo cha msimbo kinachojibu 6.1. Ni kama mkalimani aliyekaa kati ya wawili, akimpa kila mmoja maneno anayoyaelewa. Microsoft inatunza vipande vingi vya namna hii, pamoja na orodha ya programu zinazojulikana kuvihitaji, katika `C:\Windows\apppatch\sysmain.sdb`, na baadhi hutumika bila wewe kubofya popote.

Sasa inaeleweka kwa nini hali ya upatanifu haiwezi kuleta MSVCR100. Mkalimani hubadilisha majibu, hawezi kuleta maktaba isiyokuwepo. Hawezi pia kuendesha programu ya biti 16 kwenye Windows ya biti 64, wala kuiamsha draiva ya biti 32 ya kidude cha leseni kinachochomekwa kwenye USB, kwa sababu draiva hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo na yeye anakaa ndani ya programu tu.

Lakini mbona programu ilikuwa ikifunguka kwenye Windows 10, ambayo nayo hujibu 6.2? Kwa sababu kuna aliyeweka alama hiyo zamani, na alama haihifadhiwi ndani ya EXE. Inaandikwa kwenye rejista ya Windows, chini ya jina la mtumiaji. Hicho ndicho kitu cha pili kilichoachwa nyuma. Alama uliyoiweka sasa unaweza kuiona hivi:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers"
```

Jibu litataja njia ya EXE, na mbele yake `~ WIN7RTM`.

Programu inafunguka na kubaki wazi. Mwenye duka anatazama stoo, na saruji anayoiona ni ya miaka iliyopita. Mauzo ya karibuni hayapo.

Hiki ndicho kitu cha tatu, na ndicho kinachouma. Programu za zamani zilizoea kuandika data kando ya EXE, ndani ya Program Files. Kuanzia Vista, programu ikifunguliwa bila haki za msimamizi hairuhusiwi kuandika humo, na ili programu hizo zisife, Windows huyachukua maandishi yao na kuyaweka kwingine bila kusema lolote:

```
C:\Users\<jina>\AppData\Local\VirtualStore\Program Files\Stoo
```

Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo mauzo yaliandikwa humo, na folda aliyoinakili fundi ilikuwa na nakala ya siku programu ilipowekwa kwenye mashine ile. Hali kama hii hutokea hata bila kupiga Windows. Mtu akiweka alama ya "Run this program as an administrator" akidhani anasaidia, programu inaruhusiwa kusoma na kuandika Program Files yenyewe, na hapo hapo inaacha kuitazama VirtualStore. Data iliyoonekana kufutika hurudi ukiiondoa alama.

Kwa duka letu, swali ni kama fundi aliformati diski. Kama hakuiformati, Windows ya zamani imewekwa ndani ya `C:\Windows.old`, na humo, chini ya Users, kuna ile VirtualStore pamoja na mauzo yote. Folda hiyo hufutwa na mfumo wenyewe baada ya siku 10 hivi, basi nakili yaliyomo kwenye flashi leo, kabla ya kujaribu chochote kingine. Kama aliiformati, izime kompyuta na usiitumie kabisa, kwa kuwa kila faili jipya linaweza kuangukia juu ya la zamani, kisha mpelekee diski mtu mwenye vifaa vya kuokoa data. Ikiwa ni SSD, matumaini ni madogo zaidi, kwani diski hizo husafisha zenyewe sehemu zilizofutwa.