Kumpata wa Kwanza Bila Kupanga Wote

Mwaka 1956, Edsger Dijkstra, kijana Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha hisabati mjini Amsterdam, alikaa mkahawani na mchumba wake akawaza swali moja: njia fupi kabisa ya kutoka Rotterdam hadi Groningen ni ipi? Alipata jibu kichwani, bila kalamu wala karatasi, kisha akalitumia kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya ya kituo hicho iliyoitwa ARMAC. Aliipa ramani ya Uholanzi iliyopunguzwa ikabaki na miji 64. Maelezo ya mbinu hiyo aliyachapisha mwaka 1959 katika makala ya kurasa tatu tu, na hadi leo ndiyo msingi wa programu nyingi zinazokutafutia njia kwenye simu.

Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza. Anzia ulipo. Andika kila makutano ya barabara unayoweza kuyafikia moja kwa moja, pamoja na dakika za kufika hapo. Chagua yale yenye dakika chache kuliko yote, yafunge kwamba umeshayamaliza, kisha utazame barabara zinazotoka hapo na kuandika makutano mapya uliyoyagundua. Rudia hivyo hivyo mpaka ufike uendako.

Ugumu wote umo katika yale maneno "chagua yale yenye dakika chache kuliko yote". Kwa miji 64, kompyuta inapitia orodha nzima na kuchagua, na hakuna atakayeona kuchelewa. Lakini ramani ya nchi inaweza kuwa na makutano milioni moja na zaidi, na kila hatua ya safari inadai uchaguzi mpya. Ukipitia orodha ya milioni kila unapotaka kuchagua kimoja, kazi haiishi. Ukisema basi uipange orodha kuanzia ndogo hadi kubwa na uiache imepangwa, umehamisha tatizo: kila makutano mapya yakigunduliwa, lazima uyachomeke mahali pake na kusogeza yote yaliyo nyuma yake. Na makutano hayagunduliki kwa mpangilio. Yenye dakika 30 yanaweza kuonekana mapema, kisha yakafuatwa na yenye dakika 9.

Ufumbuzi ulitoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1964 J. W. J. Williams alichapisha namna ya kuhifadhi namba iitwayo lundo. Yeye alikuwa akitafuta mbinu ya kupanga orodha, lakini chombo alichokitengeneza kiliifaa sana kazi ya Dijkstra. Wazo lake ni kwamba, kama unachohitaji kila wakati ni wa kwanza tu, huna sababu ya kugharimia kumjua wa pili, wa tatu na wa mia.

Lundo linakaa ndani ya safu ya vyumba vyenye namba: 1, 2, 3 na kuendelea, bila chumba kitupu katikati. Vyumba hivyo tunavisoma kama mti uliopinduliwa, mzizi ukiwa juu. Chumba 1 ndicho mzizi, na watoto wake ni vyumba 2 na 3. Watoto wa 2 ni 4 na 5, watoto wa 3 ni 6 na 7. Kanuni haibadiliki: watoto wa chumba `i` ni `2*i` na `2*i+1`. Ukitaka mzazi, gawa namba ya chumba kwa mbili na utupe salio. Kwa hiyo hakuna haja ya kuandika popote nani ni mzazi wa nani. Namba ya chumba inatosha.

Sharti la lundo nalo ni moja: mzazi asiwe na dakika nyingi kuliko mtoto wake yeyote. Sharti halisemi lolote kuhusu watoto wawili wa mzazi mmoja, wala kuhusu matawi mawili yaliyo mbalimbali. Lakini linatosha kuhakikisha kwamba chumba 1 kina dakika chache kuliko vyote, kwa sababu ukipanda kutoka chumba chochote, mzazi kwa mzazi, dakika haziongezeki njiani, na njia zote zinaishia chumba 1.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, dakika zikiwa za kukisia. Unatafuta njia kutoka Posta, na programu imeyafunga makutano ya Faya kwa dakika 8. Katika lundo yamebaki makutano saba, kwa mfuatano huu wa vyumba:

```
chumba:  1   2   3   4   5   6   7
dakika: 12  17  14  22  19  21  15
```

Ukiisoma kama orodha, utadhani imevurugika: 17 imetangulia 14, na 15 iko mwisho kabisa. Kagua kwa jicho la mzazi na mtoto utaona sharti limetimia. Chini ya 12 wako 17 na 14. Chini ya 17 wako 22 na 19. Chini ya 14 wako 21 na 15.

Sasa kutoka Faya programu inagundua Jangwani, dakika 10. Namba mpya haitafutiwi mahali. Inawekwa chumba cha kwanza kilicho wazi mwishoni, yaani chumba 8. Kisha inajipima na mzazi wake. Mzazi wa 8 ni chumba 4, chenye 22. Kumi ni ndogo, wanabadilishana. Sasa 10 iko chumba 4, na mzazi wake, chumba 2, ana 17. Wanabadilishana tena. Kutoka chumba 2 inapimwa na 12 iliyo chumba 1, nayo pia inashuka. Baada ya mabadilishano matatu Jangwani iko juu kabisa.

Msomaji makini atauliza: je, 10 ilipopanda, haikumvunjia sharti yule mtoto mwingine ambaye hakuna aliyemtazama? Haikumvunjia. Ilipofika chumba 2, mtoto mwingine wa chumba hicho alikuwa 19 katika chumba 5. Huyo alishakuwa chini ya 17 bila tatizo, na aliyechukua nafasi ya 17 ana dakika chache zaidi. Anayepanda daima ni mdogo kuliko anayemwondoa, hivyo ndugu wa pembeni hawaguswi. Hapa ndipo uzuri wa mbinu ya Williams ulipo: kurekebisha njia moja nyembamba ya kupanda kunatosha kuliweka lundo zima sawa.

Kutoka Faya inagunduliwa pia Muhimbili, dakika 13. Inaingia chumba 9. Mzazi wake ni chumba 4, ambacho sasa kina 17, hivyo wanabadilishana. Mzazi wa chumba 4 ni chumba 2, chenye 12. Kumi na tatu si ndogo kuliko 12, basi safari inaishia hapo.

```
chumba:  1   2   3   4   5   6   7   8   9
dakika: 10  12  14  13  19  21  15  22  17
```

Zamu ya kutoa imefika. Programu inachukua 10, na chumba 1 kinabaki wazi. Kishawishi cha wengi wanaojifunza ni kumpandisha mtoto mdogo ajaze nafasi, kisha mtoto wa huyo naye apande, mpaka chini. Ukifanya hivyo, pengo linaweza kuishia katikati ya safu ya chini, na ile hesabu ya kugawa kwa mbili inategemea kusiwe na pengo. Njia sahihi inaonekana kama ya kinyume: mchukue wa mwisho kabisa, hapa 17 ya chumba 9, umweke kileleni. Safu imepungua kutoka mwisho wake, umbo limebaki zima, ila kileleni amekaa asiyestahili. Sasa ashuke.

Anatazama watoto wake wawili, 12 na 14, na kubadilishana na aliye mdogo, 12. Akiwa chumba 2, watoto ni 13 na 19. Anabadilishana na 13. Akiwa chumba 4, mtoto aliyebaki ni 22 peke yake, na 17 ni ndogo, basi anatulia. Kileleni kuna 12, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote zilizobaki. Kumchagua mdogo wa watoto wawili ni lazima. Kama 17 ingebadilishana na 14, basi 14 ingekaa juu ya 12, na sharti lingevunjika palepale.

Gharama ya kazi hii inategemea urefu wa mti, na mti huu hurefuka polepole mno, kwa kuwa kila ngazi ina vyumba mara mbili ya ngazi iliyo juu yake. Makutano milioni moja yanakaa katika ngazi 20. Anayeingia hupanda mara 19 kwa wingi kabisa. Anayeshuka hulinganishwa mara mbili kila ngazi, hivyo jumla haifiki 40, badala ya karibu milioni za kupitia orodha yote.

Lugha nyingi za programu zina lundo tayari. Katika Python linaitwa `heapq`, huweka ndogo juu, na vyumba vyake huanza kuhesabiwa na 0, kwa hiyo watoto wa `i` ni `2*i+1` na `2*i+2`:

```python
import heapq
foleni = []
heapq.heappush(foleni, (12, "Magomeni"))
heapq.heappush(foleni, (10, "Jangwani"))
dakika, mahali = heapq.heappop(foleni)   # 10, Jangwani
```

Lundo halitoi ahadi ya aliyetangulia kuingia atangulie kutoka. Namba mbili zikilingana, yeyote anaweza kutoka kwanza. Katika kutafuta njia hilo halina madhara, lakini kwenye foleni ya watu ni dhuluma, na dawa yake ni kumpa kila anayeingia namba ya zamu itakayotumika dakika au vipaumbele vinapolingana.

Shida kubwa zaidi huja pale makutano yaliyomo lundoni yanapopatiwa njia ya mkato. Tuseme yale yenye dakika 22 sasa yanafikika kwa 11. Lundo halijui yako chumba gani, na kuyatafuta ni kupitia safu nzima. Ukiyapata ukafuta 22 na kuandika 11 papo hapo bila kuyapandisha, umevunja sharti kimyakimya. Programu haitalalamika, itaendelea kutoa majibu, na mengi yatakuwa sahihi. Wanaprogramu wengi huliacha ingizo la zamani lilivyo na kuingiza jipya lenye 11. Lile la 22 likija kutoka baadaye, programu inaona makutano hayo yalishafungwa, inalitupa na kuendelea. Lundo linanenepa kidogo, lakini sharti halivunjiki.

Katika kutafuta njia kuna kipimo rahisi cha kugundua lundo lililoharibika. Hakuna barabara inayochukua dakika pungufu ya sifuri, kwa hiyo dakika zinazotoka kileleni haziwezi kurudi nyuma. Andika mstari mmoja wa kulinganisha kila namba inayotoka na iliyotoka kabla yake. Siku 14 itakapotoka baada ya 17, wala usihangaike na ramani: nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayopandisha na kushusha, uanze na ule mstari unaochagua mtoto mdogo.